Barua kwa Mama Watoto

Mke wangu,

Tangu nitoke hospitalini baada ya ule mshtuko wa moyo, nakuona ukinipakulia kwa hofu. Naomba nikueleze alivyonielekeza daktari, usije ukadhani nakikataa chakula chako.

Kwanza ni samli, shahamu ya nyama na tui la kasimile. Mafuta ya namna hii huzidisha kolesteroli katika damu, nayo ndiyo huganda mishipani na kuizibazibisha. Mbaazi zangu nitolee kabla hujatia kasimile. Tui jepesi, tena kidogo, litanitosha. Samaki nichomee kwa ndimu, usimkaange.

Pili ni chumvi. Huzuia maji mwilini, shinikizo la damu likapanda na moyo uliojeruhika ukalemewa. Kwa siku nisizidishe gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na achari. Kwa hivyo papa mkavu nimemuaga. Hata ukimroweka, chumvi nyingine hubaki.

Ndimu, tangawizi, bizari na kitunguu thomu sikukatazwa. Ladha ya mkono wako ingalipo.

Wako, Baba Watoto