Kashinda Yu Mkekani

Mjukuu wangu wa darasa la kwanza amepata tuzo yake ya kwanza: daftari la kurasa 48, penseli mbili na kifutio. Ametuzwa kwa kusoma kwa sauti, mbele ya wenzake, hadithi ya ukurasa mmoja, siku shule ilipofungwa. Mama yake alimpiga picha akiwa ameikumbatia zawadi hiyo kifuani, akaituma kwenye kikundi cha simu cha ukoo wetu, kisha akaniandikia kando: "Baba, tutilie maneno."

Kabla sijaanza kufikiri, maneno yalikwisha kumiminika. Shangazi mmoja aliandika "kipanga wetu." Mjomba akaandika "amewagaragaza," kama anayetangaza mpira. Mwingine akauliza kama ndiye wa kwanza darasani. Wote walisema kwa mapenzi, wala siwalaumu. Lakini ninaye mjukuu mwingine, mtoto wa mwanangu wa kiume, anayeishi kwangu na kusoma darasa lile lile. Yeye bado anagombana na herufi. Akikutana na ng'ombe katika kitabu humgeuza ngombe, na akisahihishwa hunyamaza. Picha ile naye aliiona, simu ikiwa mkononi mwangu na kidevu chake begani kwangu. Akaniuliza, "Amewagaragaza nani?"

Malenga wenzangu, swali hilo ni la sarufi kabla ya kuwa la malezi. Katika "amewagaragaza" na "amewashinda" kuna silabi moja, *wa*, nayo ndiyo aliyoiulizia mtoto. Yeye ni mmojawapo wa hao *wa*. Hata ukiiondoa ukaandika "ameshinda" tu, mtendwa haondoki, hujificha. Kushinda kwa maana ya ushindi hudai mshindwa, na Kiswahili kimelizoea jambo hili kiasi kwamba kitenzi hicho hicho hukitumia kulinganishia: huyu ni mrefu kumshinda yule. Tena ukikitia katika hali ya kutendwa unapata "ameshindwa," neno ambalo mjukuu wangu wa pili amekwisha kulisikia mara nyingi kuliko linavyomfaa mtoto wa miaka saba.

Nikajaribu kukimbilia kitenzi kingine. "Tuzo" imetoka katika kutuza, na kutuza tunakujua kutoka katika taarabu: mtu huinuka kitini, akaenda kumpa mwimbaji noti kwa kuwa amemgusa moyo. Hapo hakuna mwimbaji mwingine aliyeanguka. "Katuzwa kwa kusoma," basi, ni maneno safi yasiyomdhuru mtu. Ila yalikuwa makavu. Yalisema kile ambacho picha imekwisha kukisema, na maneno ya chini ya picha yanayoirudia picha ni kama mwangwi.

Nilirudi kwenye kushinda kwa njia ya salamu. Jioni hiyo jirani alipita akaniuliza, "Umeshindaje?" Nikamjibu kama kawaida, kisha nikabaki nimesimama mlangoni nikilitafuna neno. Maana kushinda huku kwa pili, kwa kupitisha mchana mahali au katika hali fulani, hakuna mshindwa. Mtu hushinda shambani, hushinda na njaa, hushinda akifua. Kitenzi hiki hakikubali yambwa: ukisema "amewashinda" umekwisha kutoka katika maana ya mchana na kurudi katika maana ya vita. Hakigeuki kuwa cha kutendwa pia. Hakuna aliyeshindwa kwa sababu mwenzake alishinda nyumbani. (Iko na shinda ya tatu, ya chombo kisichojaa, kama mtungi shinda. Ingemfaa babu kuliko mjukuu, nikaiacha.)

Tena ilikuwa kweli. Wiki ile kabla ya shule kufungwa binti huyu alikuja kwangu, na kila siku alikuwa mkekani na kitabu tangu asubuhi hadi kivuli cha mwarobaini kilipouvuka mkeka. Alichotuzwa ni mchana ule.

Nikataka tathnia, mistari miwili tu, kila kipande mizani nane, vina vya kati na vya mwisho. Mstari wa kwanza ulikuja upesi:

*Kashinda na kitabuche, mkekani peke yake*

Mizani ilitimia: ka-shi-nda-na-ki-ta-bu-che, kisha m-ke-ka-ni-pe-ke-ya-ke. Nikaufurahia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikausoma kama atakavyousoma shangazi wa kipanga, nikaona kasoro: "kashinda ... peke yake." Msomaji aliyekwisha kuingia na fikra ya mashindano atapata hapo kwamba ni yeye peke yake aliyeshinda, wengine wote chali. Neno nililolitia ili kuondoa washindani ndilo lingewalaza chini. Basi kipimo cha tungo ya namna hii si mizani pekee. Isome kwa jicho la yule ambaye hujamtaja, uone kama bado hayumo.

Nikaachana na vina vile nikaanza upya. Nilichohitaji ni neno la mahali, tena karibu sana na kitenzi, ili maana ya ushindi isipate nafasi ya kukaa. Na nilitaka babu aingie kwa mlango wake, ambao ni utani. Babu hampi mjukuu hongera kama mgeni rasmi; humtania na kumwomba alichopewa. Nikaandika:

*Kashinda yu mkekani, kitabu chake asoma*
*Babuye yu mlangoni, kalamu ataazima*

"Kashinda" humfanya msomaji angoje kuambiwa kamshinda nani, na "yu mkekani" humjibu kwamba hapana aliyeshindwa, palikuwa na mkeka. "Kalamu" niliichagua badala ya penseli kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazee wetu waliita penseli kalamu ya risasi, kwa hiyo sijadanganya. Ya pili, n ya penseli huwagombanisha washairi, wengine wakiihesabu mizani na wengine wakiimeza, nami sikutaka ugomvi katika jambo la furaha. Mizani ya kipande cha mwisho ihesabiwe kwa utulivu: ka-la-mu-a-ta-a-zi-ma. Anayevuta zile a mbili ziwe moja atabaki na saba.

Nikaituma. Mjomba wa mpira alijibu kwa kuuliza mkeka upi, na mazungumzo ya ukoo yakahamia kwenye mkeka, nani aliusuka, na kwamba umechakaa pembeni.

Jumamosi binti alikuja na daftari lake kwapani. Akanisalimu, akaketi, akaisoma tungo kwa sauti. Alipofika "ataazima" akaisoma "atazima." Mwenzake, aliyekuwa akihesabu kwa vidole kama nilivyomfundisha asubuhi, akasema, "Saba." Akarudia, safari hii polepole, na yule akafumbua kidole cha nane.

Kisha nikaomba kalamu yangu. Binti akazitazama penseli zake mbili, akanipa ile iliyokwisha kuchongwa mara nyingi, akasema ni ya kuazima hadi Jumatatu. Ile ndefu alikwisha kumwazima binamu yake, ambaye wakati huo alikuwa amelala kifudifudi mkekani akiandika ng'ombe, akaweka kile kikoma cha juu mara mbili ili pasiwe na shaka.