Herufi A na Kidole Kidogo

Tazama kibodi yoyote ya kompyuta. A haiko chini ya Q moja kwa moja. Imesogea kulia robo ya kitufe. Z imesogea tena nusu kitufe kutoka A, na mstari wa Q wenyewe umesogea nusu kutoka mstari wa namba. Mimi ninayeishi kwa kuchapa, kwenye steshenari hapa Kivukoni, Ifakara, nilizigusa herufi hizo miaka na miaka bila kujiuliza kwa nini zimekaa mshazari.

Sababu ni chuma. Katika taipureta za kina Sholes, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, kila kitufe kilibebwa na fimbo iliyopita chini ya vitufe vingine kwenda kuinua nyundo ya herufi. Mistari 4 ikikaa sawasawa, fimbo 4 zinagombea njia moja. Mpango uliokuja kuzoeleka wa nusu, robo, nusu huzigawa fimbo kila robo ya upana wa kitufe, na kila moja ikapata pa kupita. Wanaolima mpunga kwa kilimo shadidi wanalielewa hili: wanapima sentimita 25 kwa 25 ili mashine ya palizi ipite. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta mashine imeshaondoka shambani, mistari imebaki.

Na imebaki kwa gharama ya mkono wa kushoto. Mikono yetu ni kama sura na taswira yake kiooni, lakini mshazari wa kibodi unaelekea upande mmoja tu. Mkono wa kulia unaingia mezani ukielekea juu kushoto, sawa na mshazari ulivyo. Wa kushoto unaingia ukielekea juu kulia, kwa hiyo kila unapoifuata Z au X unakunja kiwiko cha mkono, yaani pale penye saa, kinyume cha maumbile yake. Fanya hivyo taratibu utaona.

Ndiyo maana wapo walioamua kuachana nayo. Baadhi hutumia kibodi za gridi, kama Planck, ambazo vitufe vyake vimepangwa kama daftari la hesabu. Kidole kinapanda na kushuka wima. Lakini vidole havina urefu mmoja, hivyo wengine hupandisha safuwima ya kidole cha kati na kushusha ya kidole kidogo. Corne ni ya aina hiyo: vipande viwili, kila mkono na chake, jumla vitufe 42, na 3 kati ya hivyo kila upande ni vya gumba. Hapo kwenye gumba ndipo mimi nilipovutiwa zaidi. Kibodi ya kawaida inavipa vidole viwili vyenye nguvu kuliko vyote kitufe kimoja cha nafasi, halafu kidole kidogo kinabebeshwa Shift, Enter na kufuta.

Kwa Kiswahili kidole hicho kina mzigo wa ziada: A. Chapa “wanafanana”. Herufi 10, na 5 kati yake ni A, zote za kidole kidogo cha kushoto. Huko Uingereza, miaka ya 1970, Lillian Malt, aliyekuwa akifundisha wapiga chapa, na mhandisi Stephen Hobday walitengeneza Maltron na kuiweka E, herufi inayotumika sana kwa Kiingereza, kwenye gumba la kushoto. Kwetu ingefaa iwe A, na kwenye kibodi kama Corne programu huria ya QMK inaruhusu kuihamisha. Ila tahadhari: maneno yetu huishia kwa irabu, mara nyingi A hiyohiyo, kisha inafuata nafasi. Zikiwa upande mmoja, gumba moja litafanya kazi mbili mfululizo na kuchelewa. A iende kushoto, nafasi ibaki kulia.

Mwenye kuzoea hivyo akirudi kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, “wanafanana” inatoka “w n f n n ”, kwa kuwa gumba linagonga nafasi. Namba nazo katika Corne hazina mstari wake; unabana kitufe kwanza ndipo zije, jambo la kuchosha kwa anayechapa stakabadhi kutwa. Gumba likilazimika kuingia chini ya kiganja kufikia kitufe cha ndani, nalo huanza kuuma. Na usitarajie kuchapa kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Umbo lililoachwa na fimbo za chuma linaweza kwenda na fimbo zake. Mpangilio wa herufi, ambao mamilioni wameuweka vidoleni, sitauvunja, hata kwa ajili ya A. Mwenye kuchapa kwenye mashine za watu abaki na ya kawaida. Mwenye meza yake, na kiwiko kinachomuuma, atafute ya safuwima yenye mstari wa namba, aache herufi zilipo, na ahamishie kwenye gumba Enter na kufuta tu.