"Saa Mbili" Ya Mama Wa Tanga

Mimi ni msee wa Nairobi, Kiswahili changu nusu ni cha mtaani. Kwa hivyo vile walitangaza kwenye uwanja mmoja wa ndege huko Ujerumani kwamba wanatafuta mtu anayeongea Kiswahili, niliangalia nyuma kwanza. Labda kuna Mzanzibari. Hakukuwa na mtu.

Mama alikuwa amelala sakafuni karibu na kiti chake, buibui imefunikwa na koti la mtu. Tulitoka Nairobi na ndege moja, yeye akiwa ameunganisha kutoka Tanga kwenda kwa bintiye. Saa ya ukutani ilisema 10:05. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu," lakini maneno yalikuwa yanateleza, kama mtu ametoka kung'olewa jino. Mhudumu wa ambulensi alishaanza kuandika.

Maswali ya kwanza ni ya kuangalia kiharusi, na hayataki Kiswahili cha insha. Alitaka mama atabasamu. Fikiria kumwambia mtu aliyeanguka "tafadhali tabasamu". Nikasema, "Mama, nionyeshe meno," na nikamwonyesha yangu. Upande wa kushoto wa mdomo haukupanda. "Inua mikono yote miwili mbele, funga macho, ishikilie hapo hapo." Wa kushoto ukashuka polepole. Wakamdunga kidole kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi. Ilikuwa sawa.

Halafu likaja swali nililoliona rahisi: ilianza lini? Nikauliza, "Ilianza saa ngapi, mama?" Akasema, "Saa mbili."

Nikatafsiri: mbili. Jamaa akaandika 2:00, akamgeukia mwenzake, na niliona sura yake ikibadilika. Masaa nane yamepita.

Ngoja nieleze kwa nini hiyo namba ni mbaya. Kiharusi kikiwa cha mshipa kuziba, kuna dawa ya kuyeyusha lile donge la damu. Kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, ukihesabu kutoka wakati wa mwisho mgonjwa alikuwa mzima, si kutoka alipoanguka. Ukichelewa, hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo inazidi faida. Kwa hiyo mimi na "mbili" yangu nilikuwa nimemtoa mama kwenye hiyo dirisha.

Kilichoniokoa ni chai. Mama aliendelea, "Nilikuwa nakunywa chai pale, kikombe kikaniponyoka." Chai gani? 2:00 usiku tulikuwa bado hewani, na tulitua 6:05. Hapo akili ikarudi. Saa mbili yetu ni 8:00! Mtoto wa chekechea anajua hii, lakini ukiwa na mtu sakafuni mdomo unatafsiri namba tu. Tena saa ya mkononi ya mama ilikuwa bado ya Tanga, na Ujerumani wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hivyo 7:00.

Sikutaka kukosea mara ya pili, nikaacha saa nikauliza matukio. "Uliposhuka ndege ulitembea mwenyewe?" "Kwa miguu yangu, na mkoba nimebeba." "Ulipoanza kunywa chai, mkono ulikuwa na nguvu?" "Ulikuwa nazo." Nikamwambia jamaa: futa, andika 7:00, alikuwa mzima hadi hapo. Masaa matatu. Imebaki saa moja na nusu, na ndani yake kuna safari ya hospitali na picha ya kichwa, maana lazima wahakikishe kwanza kwamba si mshipa uliopasuka.

Swali la mwisho nilikaribia kuliharibu pia. Dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kumnyima mtu hiyo tiba. Nikauliza, "Humezi dawa ya kuzuia damu isigande?" Akasema, "Eeh." Eeh gani sasa? Kwetu ukiulizwa kwa "hu-", eeh ni "ndivyo, simezi". Mzungu angesikia "ndiyo, nameza". Nikauliza upya bila kukanusha: "Unameza dawa gani kila siku?" "Ya presha tu. Iko mkobani." Tukaitoa, jamaa akasoma jina kwenye pakiti.

Walipoinua machela, mama alinishika mkono na ule wa kulia. "Mpigie Mwanaidi, mwambie sijafa." Nilimpigia bintiye hapo hapo, na alipouliza mama ameanguka saa ngapi, nikamwambia kwanza tukubaliane ni saa ya wapi.