Keki ya Uzito Sawa Inapopanda Milimani

Akina mama wenzetu, siagi ni ghali, na keki ikidumaa ni hasara nyumbani. Tuitazame keki ambayo Waingereza waliiita ya ratili, kwa kuwa unga, sukari, siagi na mayai vilipimwa ratili moja kila kimoja. Sisi hutosheka na robo kilo ya kila kimoja.

Kipimo hiki huharibikia kwenye mayai. Wengi huandika "mayai matano", na kweli yai la dukani bila ganda lina kama gramu 50. Lakini mayai ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo, mara nyingi sita au saba ndiyo hufikia gramu 250. Basi tuyavunje bakulini, tuyapime. Yakipungua, keki huwa nzito na yenye mafuta.

Sukari yetu ina chembe kubwa, hivyo tuitwange kidogo na kuichekecha. Tuisage pamoja na siagi kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, hata kama mkono unachoka, maana vitundu vya hewa vinavyoingia hapo ndivyo vitakavyokuwa vitundu vya keki. Mayai yasiwe ya baridi, na yaingie kidogo kidogo. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, tutie kijiko cha unga kabla ya kuendelea. Unga uliobaki tuugeuze taratibu, tena tuache mara usipoonekana.

Keki hiyo hiyo iliyotoka vizuri Same mjini, ukiioka Mbaga au Suji huweza kuumuka haraka, kisha ikabonyea katikati. Huko juu hewa ni nyepesi: vitundu hupanuka zaidi na maji hukauka mapema, huku sukari nyingi ikichelewesha keki kushikamana. Kwa hiyo milimani usawa ule tuuvunje kidogo. Unga na mayai vibaki gramu 250, siagi iwe 230, sukari 210, na tuongeze vijiko viwili vikubwa vya maziwa. Kama bondeni tulitia kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, huku nusu yake yatosha.

Wanaooka kwa sufuria waweke makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Wasifunue kabla ya nusu saa. Kijiti kikitoka kikavu, keki imeiva.

Tuikate ikiwa imepoa. Vitundu vidogo vinavyolingana ndivyo tunavyovitaka. Ukiona mstari mbichi, unaonata, karibu na chini ingawa keki iliiva, safari ijayo punguza sukari gramu 20 nyingine. Ukiona mashimo marefu kama njia za mchwa, unga ulikorogwa mno. Hapo vipimo viachwe vilivyo.