Shikamoo Haina Wingi wa Heshima

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa Kiswahili alikuwa dada wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyevuka kila Jumamosi kununua mchele Tunduma. Mimi nilikuwa nyumbani likizo, nikisubiri muhula wa pili wa shahada ya uzamili. Bei na namba alizijua vizuri. Salamu ndizo zilizomshinda.

Kosa lake lilitokana na adabu. Kwa Kibemba, mtu mmoja unayemheshimu humsalimia kwa wingi: badala ya "uli shani" unasema "muli shani". Basi akimkuta mama muuza mchele peke yake kibandani, anasema, "Hamjambo, mama?" Mama anageuka kuangalia nani mwingine yuko nyuma yake. Kiswahili chetu heshima hiyo hakiiweki kwenye wingi. Kinaiweka kwenye neno lenyewe, na kwenye nani anaanza. Mdogo ndiye anayeanza: "Shikamoo, mama." Mkubwa anaitikia "Marahaba", mara nyingi anaongeza "hujambo?", nawe unajibu "sijambo". "Shikamooni" ni ya wakubwa wakiwa wengi, basi.

Daftari tuliliweka pembeni. Nilijifanya mama wa mchele, kisha kijana wa bodaboda, kisha mzee wa mizani. Sharti lilikuwa moja: kabla ya salamu, aamue kimoyomoyo atamwita mtu huyo nani. Ukishaamua ni mama au mzee, shikamoo inakuja yenyewe. Ukiamua ni kaka, "habari za kazi" inatosha. "Mambo" angoje mpaka kaka aianze.

Halafu tukabadilishana, yeye akawa mkubwa. Hapo kosa jingine likajitokeza: nikimwamkia "shikamoo", ananirudishia "shikamoo". Wanaojifunza hulifanya sana, kwa sababu wamezoea kusema tu, hawajazoea kupokea. Kwa hiyo nusu nzima ya zoezi ikawa ni kuitikia marahaba.

Palipobaki pagumu ni kwa watu wa katikati, aliyekuzidi miaka mitatu au minne. Wengine shikamoo huwazeesha, utasikia kicheko na "Shikamoo ya nini tena?" Ukisikia hivyo, hamia "habari za leo" bila kuomba radhi nyingi. Kwa maoni yangu ni afadhali ukosee kwa kupandisha. Shikamoo iliyozidi huleta kicheko, lakini "mambo" kwa mzee huleta kimya, na kimya cha sokoni ni kigumu kukifuta.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za Nakonde?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Tunashukuru. Watoto?"

"Wazima, mama."

Ndipo akauliza bei ya mchele. Bei haikushuka hata shilingi, ila kiti alipewa.