Chemsha kwa Moto Mdogo

Mdogo wangu amepanga chumba hapa Sumbawanga, na kwa mara ya kwanza anajipikia. Maelekezo aliyoyasoma kwenye simu yalimwambia achemshe maharage, kisha ayaache kwenye moto mdogo kwa dakika 45. Muda ulipita, maharage yakabaki magumu. Akanipigia: "Dada, moto mdogo ni upi?"

Moto mdogo hautambuliwi kwa kutazama jiko. Unatambuliwa kwa kutazama maji. Maji yanapochemka kwa nguvu, uso wote wa sufuria unavurugika. Kwenye moto mdogo, mapovu machache yanapanda polepole, hasa pembeni, na punje zinatikisika bila kurukaruka. Kwa jiko la mkaa, funga kimlango cha chini au ondoa makaa mawili matatu.

Lakini moto mkali una zamu yake, nao hutangulia. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoweza kumtapisha mtu vibaya yakiliwa bila kuiva. Joto la chini peke yake halitoshi kuiondoa. Kwa hiyo nilimwambia aloweke vikombe viwili usiku kucha, amwage maji yale, aweke mapya yapite punje kwa vidole vitatu, kisha yachemke kwa nguvu dakika 15. Baada ya hapo ndipo apunguze moto na kufunika, akiacha upenyo mdogo.

Zile dakika 45 nazo zina kwao. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuongeza mkaa hakuyapandishi zaidi ya hapo. Kunayakausha tu, na kupasua maganda wakati kiini bado kigumu. Dawa ni muda. Sufuria yake ilichukua saa moja na nusu, na kila maji yalipopungua aliongeza ya moto.

Saa pia haimalizi ubishi. Chota punje tano kutoka sehemu tofauti, ziponde kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Hata moja ikiwa na chembe ngumu katikati, endelea.

Kisha kuna kuunga. Kaanga kitunguu katika mafuta hadi kilainike, weka nyanya, koroga hadi zisagike na mafuta yaanze kujitenga, ndipo umimine maharage na supu yake. Nyanya zikitangulia kwenye maharage yasiyoiva, uchachu wake unayachelewesha kulainika. Ndiyo maana kuunga huja mwisho, maharage yakishaiva.