Kimya Hakikunithibitisha Kazini

Naandika kwa ajili yako uliyemaliza kipindi cha matazamio, ukaendelea kwenda kazini kila asubuhi, na barua ya kuthibitishwa hujaiona. Nami nilikuwa hapo, tena nilikaa hapo kwa amani ambayo haikuwa na msingi.

Niliajiriwa Mwanza tarehe 1 Februari, mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi inayouza bidhaa kwa jumla. Mkataba ulisema nitakuwa kwenye matazamio kwa miezi sita, kisha nitathibitishwa kwa barua baada ya tathmini. Nilisoma kifungu hicho siku ya kusaini, basi. Agosti ilipofika hakuna aliyeniita. Mshahara uliingia, makato ya NSSF yalikwenda, na nikakabidhiwa hata funguo za sefu. Nikaona nimeshapita.

Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alinipa nguvu zaidi. Aliniambia kwamba kwao muda ukiisha na mwajiri akakaa kimya huku wewe unaendelea na kazi, umeshakuwa mfanyakazi kamili. Nilimwamini kwa sababu maneno yake yalinifaa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuliza. Niliona nikiuliza nitamkumbusha bosi kwamba bado anaweza kunikataa.

Mwezi Oktoba, kijana wa ghalani tuliyeajiriwa naye siku moja alipewa barua ya aya moja: hakufikia viwango katika kipindi cha matazamio, ajira yake imekoma. Alikuwa na mkataba kama wangu na kimya kama changu. Usiku ule sikulala vizuri.

Jirani yetu mmoja ni mzee mstaafu aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Nilikwenda kwake na kijana yule. Tulipomaliza kumwamkia, aliomba mikataba yetu, akaisoma taratibu, akaniuliza, “Mwanangu, barua ya kuthibitishwa iko wapi?” Nikamjibu kwamba miezi sita imeshapita. Akasema, “Sikukuuliza miezi. Nimekuuliza barua.”

Kisha akatufundisha, bila haraka na bila kutucheka. Shemeji hakusema uongo, alisema sheria ya kwao. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaweka ukomo wa miezi sita, na kuongeza hadi miezi mingine sita kunahitaji mfanyakazi akubali. Kwa sababu hiyo mahakama za huko zimeamua mara kadhaa kwamba aliyeachwa aendelee na kazi baada ya muda kwisha bila nyongeza huhesabiwa amethibitishwa.

Kwetu Tanzania njia ni nyingine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinataka matazamio yawe ya muda wa kuridhisha usiozidi miezi 12, na zinaruhusu nyongeza baada ya kushauriana na mfanyakazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai namba 61 ya mwaka 2016 iliyohusu mfanyakazi wa benki, ilisema wazi kwamba kuendelea na kazi baada ya matazamio kwisha hakukufanyi uwe umethibitishwa. Kuthibitishwa ni uamuzi wa mwajiri, hakuji kwa kupita kwa tarehe. Na asiyethibitishwa hana kinga ile ya kuachishwa kazi isivyo halali aliyonayo aliyethibitishwa. Yote niliyodhani ninayo yaliporomoka pale barazani.

Lakini mzee hakutuacha hapo. Alisema kimya hakimfanyi mfanyakazi awe mtu asiye na haki. Mshahara ni wake, michango ya NSSF ni yake, na likizo aliyoichuma ni yake. Anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Cheti cha utumishi apewe. Zaidi ya hayo, kanuni zilezile zinamtaka mwajiri apime kazi ya aliye kwenye matazamio, wakutane mara kwa mara, na kabla ya kumwachisha amweleze kasoro zake, amsikilize, na ampe muda wa kujirekebisha.

Kijana yule aliwahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu aachishwe, ambazo ndizo ukomo wa malalamiko ya kuachishwa kazi. Alidai fidia, wakili wa kampuni akaitoa hukumu ile ya 2019. Hata hivyo kampuni haikuwa na karatasi hata moja ya tathmini, wala ya onyo. Kwenye usuluhishi walikubaliana: alipwe notisi na siku zake za likizo, apewe na cheti. Kazi hakurudishiwa.

Mimi nilirudi nyumbani nikaandika barua, ingawa mkono ulikuwa mzito. Ilikuwa fupi: “Yah: Ombi la Tathmini na Uamuzi Kuhusu Kuthibitishwa Kazini.” Nilitaja tarehe ya kuajiriwa, kifungu cha mkataba, na tarehe ambayo matazamio yalikwisha. Nikaeleza kwamba nimeendelea na majukumu yangu bila kufanyiwa tathmini, nikaomba kikao na jibu la maandishi. Sikudai kwamba nimeshathibitishwa. Niliipitisha kwa mkuu wa idara, nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nikaihifadhi nyumbani.

Nilijua ningeweza kupewa barua kama ya mwenzangu. Badala yake afisa rasilimali watu aliniita, akakiri kwamba jalada langu lilisahaulika. Tathmini ikafanyika kweli, na haikuwa nzuri yote. Ulinganisho wa hesabu za benki nilikuwa nauchelewesha, na mkuu wangu alikuwa na mifano mkononi. Sikuwa na la kubisha. Tulijadiliana, wakaniongezea muda hadi mwisho wa Januari, kwa maandishi, ili jumla isivuke miezi 12. Waliorodhesha la kurekebisha, na mkuu wangu akawa anakaa nami kila mwisho wa mwezi kunielekeza. Mwisho wa Januari barua ikatoka. Namshukuru Mungu, na ninawashukuru watu hao, kwa maana nilipewa muda ambao mwenzangu hakupewa, na si kwamba nilikuwa bora kuliko yeye.

Ndugu yangu, kama ulipo ndipo nilipokuwa, fungua mkataba wako leo. Tazama kama unasema utathibitishwa kwa barua au utahesabiwa umethibitishwa muda ukiisha, kwa maana maneno hayo mawili yana uzito tofauti. Kama unadai barua, na barua huna, usijihesabu umethibitishwa. Andika, omba tathmini, tunza nakala yenye mhuri. Ukipewa nyongeza, iombe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Na ukiachishwa, hesabu siku 30 kuanzia siku hiyo, usingoje hasira ipoe. Hapa kwetu kinachokuthibitisha kazini ni uamuzi wa mwajiri, na uamuzi huo una haki ya kuuomba.